Hasira Kutoka Lyon, Jibu Kutoka Arusha

Mfaransa aliyekasirika haandiki ovyo. Kadiri hasira yake inavyopanda, ndivyo sentensi zake zinavyonyooka. Barua pepe huanza na "Monsieur," peke yake, bila jina na bila "bonjour". Hufuata "c'est avec stupéfaction que...", kwamba ameduwaa. Kisha zinakuja hoja zenye tarehe na saa, na karibu na mwisho anaarifu kwamba anajiwekea haki ya kuchukua hatua nyingine: "je me réserve le droit de...". Halafu anaaga kwa salamu rasmi, ndefu, kana kwamba anamwandikia waziri. Karani aliyejifunza Kifaransa kwa watalii wacheshi ndani ya gari anaweza kuyasoma yote hayo akadhani mambo si mabaya sana. Ni mabaya. Adabu hiyo ndiyo kipimo cha hasira.

Kazi ya kujibu barua za namna hiyo nami nimeila mkate wake, katika ofisi za utalii za Arusha, na bado naiona kuwa ni ufundi unaostahili sifa kuliko unavyopewa. Watu humsifu dereva aliyemwona chui juu ya mgunga kabla ya wengine. Hakuna amsifuye dada wa meza ya Wafaransa ambaye, kwa aya tano, ameizuia kesi isizaliwe. Siri yake si maneno matamu. Utulivu wa barua nzuri ya Kifaransa unatoka kwenye mpangilio na usahihi, na anayetafuta utulivu kwenye sukari huishia kuwasha moto upya.

Nitaeleza kwa mfano mmoja, niliouunga kutokana na mingi inayofanana. Mume na mke wa Lyon wamenunua safari ya siku tano moja kwa moja kwa kampuni ya Arusha, Tarangire, Serengeti na Ngorongoro, kwa euro 3,850. Siku ya mwisho wamelala Karatu, wakaondoka alfajiri ili washuke kreta mapema, kwa maana usiku wana ndege Kilimanjaro. Kabla ya lango la Loduare alteneta ikafa. Gari jingine likatoka Arusha, na kutoka Arusha hadi pale ni mwendo wa saa tatu na ushei. Wakashuka kreta karibu na adhuhuri. Siku tano baadaye barua imeingia. Bibi analalamika kwamba gari lilikuwa bovu, kwamba mwongozaji aliyeahidiwa kuwa ni msemaji wa Kifaransa alijua maneno ya salamu tu, na kwamba hawakumwona faru. Anataka fedha zote zirudi ndani ya siku nane.

Jambo la kwanza halihusu Kifaransa kabisa. Barua ile inachapishwa, inawekwa mezani, inasomwa kwa kalamu. Kuna mambo yaliyotokea, kuna jinsi yalivyomuumiza, kuna anachodai, na kuna kitisho. Kila kimoja kinatendewa tofauti. Yaliyotokea yatahakikiwa. Maumivu yatatambuliwa kwa sentensi moja. Dai litajibiwa kwa hesabu. Kitisho hakijibiwi hata kidogo. Anayejibu kitisho cha wakili kwa kusema "nasi tuna wakili" amehamisha mazungumzo kutoka kwenye alteneta kwenda kwenye heshima ya watu, na huko hakuna mwenye kukubali kushindwa.

Kisha anapigiwa simu dereva. Hapa pana mtego wetu sisi wenyewe, maana dereva atasema gari la pili lilifika saa nne na dakika ishirini, na karani mwenye haraka ataandika "4 h 20", saa za Kifaransa, yaani usiku wa manane. Bibi wa Lyon, ambaye alikaa kando ya barabara akitazama saa yake, akisoma hivyo ataamini kwamba hakuna aliyechunguza chochote. Inayoandikwa ni "10 h 20". Saa zinalinganishwa na ujumbe wa simu kati ya dereva na ofisi, kwa sababu kumbukumbu ya dereva na ya mteja zote mbili hurefushwa au kufupishwa na nafsi. Mkataba unafunguliwa kuona kwa hakika nini kiliahidiwa kuhusu mwongozaji na kuhusu faru.

Uchunguzi huo unachukua muda, na ukimya wa siku tatu mbele ya Mfaransa aliyekasirika ni kosa la pili juu ya lile la kwanza. Kwa hiyo siku ileile inatumwa barua fupi ya sentensi mbili: "J'ai bien reçu votre message du 12 août. Je réunis les éléments de votre dossier et je vous répondrai sur chaque point au plus tard le 14 août." Nimeipokea, nakusanya taarifa, nitajibu kila hoja ifikapo tarehe 14. Tarehe hiyo haikuokotwa. Tarehe 15 Agosti Ufaransa ni sikukuu ya Kupalizwa kwa Bikira Maria, ofisi zimefungwa, na ahadi inayoangukia siku ya mapumziko inaonyesha kwamba mtoa ahadi hajui anaongea na nani. Uzito wa barua hii umo katika maneno "sur chaque point". Bibi ameorodhesha hoja zake, naye anataka ajue kwamba hakuna itakayomezwa.

Sasa barua yenyewe. Mstari wa mada usiwe "Désolé" wala "Re:" tupu. Uwe kama jina la faili: "Votre réclamation du 12 août – safari du 3 au 7 août". Halafu "Madame," na mkato, basi. Jina la ukoo haliongezwi, kwa desturi ya zamani ambayo bado inahesabika. "Chère Madame" ni ukaribu ambao hajautoa. Sisi tuliolelewa kwenye barua za salamu, ambapo humuulizi mtu shida yake kabla ya kumjulia hali yeye na waliomzunguka, hapa inabidi tujikaze. Barua inayofungua kwa "j'espère que vous allez bien" kwa mtu aliyetoka kueleza kwamba hayuko vizuri inasomeka kama kejeli. Salamu zetu zote tunaziweka ndani ya koma ile moja.

Aya ya kwanza ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo wengi huiruka. Inamsimulia mteja yaliyompata, kwa usahihi kuliko alivyosimulia yeye: "Le 7 août, votre véhicule est tombé en panne à 6 h 25, avant la porte de Loduare. Le véhicule de remplacement est arrivé à 10 h 20. Vous avez passé trois heures dans le cratère au lieu des sept prévues." Gari liliharibika saa fulani, la pili likaja saa fulani, mkapata saa tatu badala ya saba. Hakuna kivumishi cha kupamba hata kimoja. Hakuna "malheureusement", bahati mbaya, wala "petit", kidogo. Bibi aliandika kwamba walipoteza "siku nzima", na barua haimsahihishi kwa kusema amekosea. Inaweka saa mezani, basi. Mtu aliyekuja akiwa tayari kuthibitisha kwamba anadanganywa anajikuta hana cha kuthibitisha, kwa sababu upande wa pili umekwisha kuthibitisha kwa niaba yake. Nimeona watu wakianza kulainika hapohapo, kabla ya kufika kwenye fedha.

Radhi huja mara moja, mahali pamoja. "Je vous présente, au nom de l'agence, nos excuses." Anayeandika "je m'excuse" kwa Mfaransa wa rika fulani atakuwa, kwa masikio yake, amejisamehe mwenyewe bila kuomba. Na kuna fungu la maneno la kuepuka kama ugonjwa, "la gêne occasionnée", usumbufu uliojitokeza. Kila Mfaransa amelisikia mara mia likitoka kwenye kipaza sauti cha stesheni ya treni, na akiliona kwenye barua anajua kwamba hakuna mtu aliyeandika. Baya zaidi ni radhi yenye "si" ndani yake: tunaomba radhi ikiwa mmevunjika moyo. Amekwisha kusema kwamba amevunjika moyo. Kumwekea "ikiwa" ni kumtilia shaka.

Baada ya radhi, kidole cha mwandishi hutamani kuandika "mais" au "cependant". Kizuiwe. "Lakini" moja tu baada ya radhi huifuta yote iliyotangulia, na msomaji mwenye hasira huisikia kabla hajaifikia. Dawa ni ya kifundi kabisa: nukta, kuruka mstari, aya mpya. Sababu ya alteneta inapata sentensi moja katika aya hiyo. Gari lilikaguliwa tarehe fulani, alteneta ikafa, hapakuwa na gari la akiba karibu. Ukieleza kwa sentensi nne, maelezo yamegeuka utetezi. Msomaji hawezi kukuambia mpaka wenyewe uko wapi, ila anajua umevukwa.

Hapa pia panaonekana matumizi ya "je" na "nous", ambayo kwangu ndiyo uti wa barua hii. "Nous" ni kampuni, iliyouza safari, iliyomiliki gari, inayolipa. "Je" ni mimi niliyeisoma barua yako, niliyempigia dereva, nitakayehakikisha fedha zimetoka. Barua iliyojaa "nous" mtupu ni ukuta. Iliyojaa "je" mtupu inamwacha mtu mmoja wa Arusha akibeba alteneta mabegani. Mwandishi mzoefu huanza na "je", hupita kwa "nous" katikati, na kurejea kwa "je" pale ahadi inapohitaji mwenyewe.

Hoja ya mwongozaji ni ngumu zaidi, kwa kuwa ina ukweli ambao bibi hakuujua. Mkataba ulisema "guide francophone". Aliyepangwa aliugua siku moja kabla, akawekwa mwingine anayesema Kiingereza vizuri na Kifaransa cha kuokoteza, na hakuna aliyewaambia wateja. Kishawishi ni kutaja ugonjwa na kukaa kimya kuhusu lililobaki. Barua nzuri inasema vyote viwili, na inaweka lawama pale ilipo: "Nous aurions dû vous en informer avant le départ." Tungepaswa kuwaarifu kabla ya kuondoka. Wakati huo wa kitenzi, wa jambo lililopasa kufanyika na halikufanyika, ni chombo kizuri sana. Unakiri bila kugaagaa, na mbele yake mteja hana tena haja ya kukushtaki kwa kuficha.

Kisha faru. Hapa jibu ni hapana, na ndipo utulivu unapopimwa. Faru weusi wa kreta ni wachache, hukaa mbali na barabara, na hata mwenye siku nzima anaweza kurudi bila kumwona. Mkataba uliandika "possibilité d'observer le rhinocéros noir", uwezekano. Namna mbovu ya kusema hapana ni kuanza na "vous prétendez que", maneno ambayo Mfaransa huyasikia kama kuitwa mwongo, au "comme vous le savez", kama ujuavyo, ambayo ni kofi lililovaa glavu. Namna nzuri inatumia "vous indiquez que", mmeeleza kwamba, kisha inanukuu mkataba, kisha inafunga: "Je ne peux donc pas donner suite à votre demande sur ce point." Siwezi kulikubali dai lenu katika hoja hii. Maneno "sur ce point" yanaibana hapana ndani ya hoja moja, isivuje kwenda kwenye nyingine. Sioni sababu ya kuongeza pole baada ya hapo. Hapana iliyopambwa huonekana kama mlango ulioachwa wazi, na mteja atausukuma.

Angalia pia ilipokaa hapana hiyo: kabla ya fedha, si baada yake. Wengi huanza na ofa ili kumfurahisha mteja, halafu hukataa mwishoni, na anachobaki nacho msomaji ni kukataliwa. Hoja zikishughulikiwa kwa utaratibu wa bibi mwenyewe, gari, mwongozaji, faru, hapana inaangukia mahali pake bila mtu kuona kuwa imepangwa, na fedha zinafunga kazi.

Fedha zenyewe ziende na hesabu yake. Safari ya siku tano kwa euro 3,850 ni euro 770 kwa siku. Kreta ilikuwa saa saba, zimepotea nne, kwa hiyo ni euro 440. Nyongeza ya mwongozaji wa Kifaransa ilikuwa euro 30 kwa siku, siku tano ni 150. Jumla ni 590. Mkuu wa ofisi mara nyingi atasema, mpe 600 tuonekane wakarimu. Mimi ningebaki na 590. Namba ya mviringo inaonekana imetoka mfukoni mwa mtu, na iliyotoka mfukoni inaweza kuombewa nyongeza. Namba 590 imetoka kwenye mkataba, na mteja anaweza kuipata mwenyewe kwa kalamu. Ana haki ya kubishana na hesabu, lakini sasa ni lazima abishane na hesabu.

Kuna jina la kuchagua pia. Wafaransa wana "geste commercial", zawadi ya kibiashara, anayoitoa muuzaji bila kukiri kwamba anadaiwa. Makampuni yanalipenda kwa sababu linalinda. Ila nyongeza ya mwongozaji ilikuwa fedha ya mteja kwa huduma ambayo hakuipata, na kuiita zawadi ni kumpa mtu shati lake mwenyewe na kungoja ashukuru. Hiyo inaitwa "remboursement". Zile 440 za kreta zinaitwa "dédommagement", fidia. Na vocha ya punguzo kwa safari ijayo isitajwe. Mtu huyu kwa sasa hataki kusikia habari ya safari ijayo.

Baada ya namba huja njia na tarehe: uhamisho wa benki, ndani ya siku 14 baada ya kupokea namba yake ya akaunti, IBAN. Na neno moja la kibenki ambalo limewahi kuharibu barua nzuri kabisa: ada. Fedha ikitoka Tanzania kwenda Ufaransa hupitia benki za kati, nazo hukata chao. Kwenye fomu ya uhamisho kuna chaguo `OUR`, `SHA` na `BEN`, la nani abebe ada. Asiyechagua `OUR` atatuma 590, bibi atapokea pungufu, na kwake barua nzima yenye saa na hesabu itageuka uongo kwa sababu ya euro chache. Ndiyo maana barua inasema wazi: "les frais bancaires sont à notre charge".

Mwisho ni salamu, na hapa sina huruma na wavivu. Bibi aliaga kwa salamu rasmi kamili. Kumjibu kwa "Cordialement" ni kushuka ngazi mbele yake. Apewe "Je vous prie d'agréer, Madame, mes salutations distinguées", na yule "Madame" wa ndani awe ndiye yule wa mwanzo wa barua, neno kwa neno. Wanaotaka kuanza na "Dans l'attente de votre réponse", nikingoja jibu lako, waangalie sarufi. Anayengoja ni mimi, kwa hiyo sentensi iendelee na "je vous prie", si "veuillez", la sivyo anayengoja anakuwa yeye. Ni kosa dogo ambalo Wafaransa wenyewe hulifanya kila siku, ila hawalisamehe likitoka nje. Nafasi tupu kabla ya nukta mbili, herufi zenye alama zake, na alama ya mshangao isiyoonekana popote, hayo nayo yanahesabiwa.

Barua hii si ya bibi peke yake. Mumewe ataisoma. Pengine ataisoma mwanasheria rafiki yao, ambaye hakukaa kando ya barabara ya Karatu na hana hasira yoyote. Na kama safari ingekuwa imeuzwa na wakala wa Ufaransa, mambo yangekuwa tofauti. Sheria yao ya utalii, ibara ya L211-16, inamfanya wakala aliyeuza kifurushi awajibike hata kwa alteneta ya gari la Arusha, na mteja asiporidhishwa anaweza kwenda kwa msuluhishi wa utalii, Médiation Tourisme et Voyage. Hapo Arusha haimwandikii mteja. Inampa wakala taarifa yenye saa zilezile na nakala zilezile. Ndiyo faida ya kuandika bila vivumishi: taarifa hubadilisha anwani bila kubadilisha neno. Mimi kila ninapoandika humwazia huyo msomaji wa tatu, mtulivu, mwenye miwani, na sentensi ambayo yeye asingeihitaji naifuta.

Ufundi huu una mipaka yake. Mtu aliyeumia mwili hajibiwi kwa barua ya aya tano. Anapigiwa simu, na bima inaarifiwa kabla ya kuandika chochote. Na wapo wanaotaka ushindi, si fedha, ambao watajibu kwa kudai euro 1,000 bila hoja mpya. Barua ya pili kwao iwe fupi kuliko ya kwanza: inarejelea tarehe ya ile ya kwanza, inarudia namba, inasema ofa ingalipo. Ukiongeza sababu mpya, umekiri kwamba za mwanzo hazikutosha.

Bibi wa Lyon, kwa kawaida yao, atajibu baada ya siku mbili au tatu. "Je prends acte de votre réponse." Nimelichukua jibu lako kama lilivyo. Asiyewajua atatafuta shukrani humo na asiione, apate wasiwasi, aandike tena kuuliza kama ameridhika. Asifanye hivyo. Hajasamehe na hajasema atasamehe, lakini mstari unaofuata una IBAN yake, herufi FR na tarakimu zake, zimeandikwa katika mafungu ya nne nne kama inavyotakiwa. Kinachobaki ni kwenda benki, kuchagua `OUR`, na kumtumia nakala ya stakabadhi yenye sentensi moja: "Le virement a été effectué ce jour."